Amejibu au amekwepa? Namna ya kupima jibu la diwani mkutanoni

Kwa miaka tisa nilikuwa mtendaji wa kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Mihtasari yote ya mikutano ya kijiji niliiandika kwa mkono wangu. Siku hizi nikifunua yale madaftari, sentensi inayonitia aibu kuliko zote ni fupi: "Swali lilijibiwa." Iko kila ukurasa. Nani aliuliza, aliuliza nini, alijibiwa nini, hakuna. Yapo maswali ambayo nakumbuka vizuri kabisa kwamba hayakujibiwa, lakini watu walipiga makofi, mwenyekiti akasema "tuendelee", nami nikaandika nilivyozoea.

Tangu nistaafu, vijana wawili watatu huja kunitafuta nyumbani kabla ya mikutano. Wanataka kujua mtu anatambuaje kama kiongozi aliyeulizwa jambo gumu amejibu kweli au amezunguka. Nimeamua kuyaandika ninayowaeleza. Nitatumia kisa kimoja tu, cha zahanati yetu, kwa sababu nilikuwepo na nina sehemu yangu katika kosa lake. Kijiji sitakitaja, wala diwani.

Liandike swali kabla hujalisikia jibu

Watu wengi hupima jibu bila kuwa na swali mkononi. Diwani akishazungumza dakika nane, kilichobaki kichwani ni sauti yake na vichekesho vyake, na swali lenyewe limeshasahaulika hata na aliyeliuliza. Kwa hiyo mtu anaposimama kuuliza, chukua kalamu uandike kitu kimoja: anataka kujua nini? Kiasi, tarehe, jina, mahali, au sababu? Hayo ndiyo mambo ambayo swali la uwajibikaji huomba. Kama swali ni "pesa ziko wapi", jibu lake lazima liwe na mahali au kiasi. Kama ni "nani aliidhinisha", lazima liwe na mtu au kikao.

Swali letu liliulizwa na mama mmoja anayeuza mawese, mtu mzima, asiyependa maneno mengi. Alisema hivi: "Mheshimiwa Diwani, kwenye kikao cha mwezi wa tatu mlitusomea kwamba shilingi milioni 38 za kumalizia zahanati zimeingia. Leo ni mwezi wa kumi na moja. Jengo halina bati hata moja. Pesa ziko wapi?"

Ni swali zuri kwa sababu lina jambo moja. Angeongeza "na kwa nini barabara haipitiki, na vijana mikopo yao imefia wapi," angempa diwani maswali matatu ya kuchagua, na hakuna anayechagua lile gumu. Ukiona muulizaji amechanganya mambo, usiharakishe kumhukumu aliyejibu. Huenda alijibu kwa haki lile alilolisikia kwanza. Jibu la hovyo mara nyingi lina swali la hovyo nyuma yake, na hilo nalo liandike.

Liandike jibu kama lilivyotoka mdomoni

Usiandike maana, andika maneno. Simu inarekodi, tumia simu. Kama huna, kamata angalau vitenzi. Hili nalisisitiza kwa sababu ukifupisha jibu, wewe mwenyewe unalisafisha bila kujua. Diwani akisema "tumeshalichukua, tunalifanyia kazi", mwandishi mvivu huandika "diwani aliahidi kumaliza zahanati". Hakuahidi. Hilo neno ni lako.

Jibu la siku ile nimelipata kwa kijana aliyekuwa na simu. Nalipanga kwa namba ili tulichambue:

1. "Kwanza nimpongeze mama yangu kwa swali zuri sana."
2. "Nyote ni mashahidi, Serikali yetu sikivu imefanya makubwa kwenye kata hii. Madarasa mmeyaona, umeme mmeuona."
3. "Kuhusu zahanati, niseme tu kwamba kulitokea changamoto za kiutaratibu, vifaa vikachelewa, na bei zikapanda."
4. "Lakini niwatoe hofu, fedha zipo salama, hazijaliwa."
5. "Sasa wapo watu wanataka kulitumia jambo hili kisiasa. Tusikubali kugawanywa."
6. "Tumeshalichukua, tunalifanyia kazi, na muda si mrefu bati mtaziona."

Makofi. Hata mimi nilipiga.

Tenga kinachogusa swali na kisichogusa

Pitia kila sentensi ukiwa na swali pembeni. Ya kwanza ni adabu. Kwetu huwezi kumjibu mama wa umri ule bila kumheshimu kwanza, kwa hiyo usihesabu salamu na pongezi kuwa ni ukwepaji. Nimeona vijana waliosoma wakizicheka salamu za mkutanoni kana kwamba ni ujanja. Si ujanja, ni malezi. Ziweke kando tu.

Ya pili inajibu swali ambalo halikuulizwa. Mama hakuuliza Serikali imefanya nini. Sentensi za aina hii si lazima ziwe za uongo, na ya siku ile ilikuwa kweli tupu, madarasa yalikuwepo. Kazi yake ni kubadilisha mizani: badala ya milioni 38 kupimwa na bati, zinapimwa na madarasa.

Ya tano inamhusu muulizaji, ingawa haimtaji. Hii ndiyo ya kuiangalia kwa makini, kwa sababu ikifanikiwa, kesi nzima inahama. Wasomaji wa Kigoma watakumbuka Agosti 2007, Zitto Kabwe akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alipotaka Bunge liunde kamati teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi uliosainiwa nje ya nchi. Mjadala ukahama kutoka kwenye mkataba ukaenda kwenye swali la kama yeye amelidanganya Bunge, na aliyesimamishwa ni muulizaji. Mnamo Novemba mwaka huohuo Rais Kikwete akamteua kwenye kamati ya Jaji Bomani iliyopitia mambo ya madini. Sisemi hapa nani alikuwa sahihi juu ya mkataba. Nasema tu kwamba wakati wote watu walipokuwa wakimjadili mtu, maswali juu ya karatasi yalibaki palepale.

Ukishatenga, kwenye jibu letu zinabaki sentensi tatu: ya 3, ya 4 na ya 6. Hizo ndizo jibu. Sasa zisome polepole.

Vitenzi ndiyo vinavyosema ukweli

Kiswahili kina njia nyingi za kusema tendo bila kumtaja mtenda, na viongozi wetu wanazijua zote, wengine bila hata kukusudia.

Chukua tendo moja la kutumia pesa. Unaweza kusema "tulitumia". Hapo mtu anaonekana. Unaweza kusema "zilitumiwa na kamati". Mtu bado yupo, amesogezwa mwisho wa sentensi. Unaweza kusema "zilitumiwa" ukakata hapo, lakini msikilizaji anaweza kuuliza "na nani?" na sentensi ikapokea. Halafu kuna "zilitumika". Hapa hata swali la "na nani" halikai vizuri masikioni. Pesa zimetumika, kama kikombe kilivyovunjika na mlango ulivyofunguka. Chukua na "mradi umekwama", "fedha zimechelewa", "bei imepanda": vitu vyenyewe vinatembea, vinakwama, vinapanda, binadamu hayupo kabisa.

Na hatua ya mbali zaidi ni ile ya "kulitokea". Angalia sentensi ya 3: "kulitokea changamoto." Kiima cha sentensi hiyo ni mahali. Mahali fulani, pasipojulikana, kitu kilitokea. Ndugu zake ni "kukawa na mkanganyiko", "kumekuwepo na ucheleweshaji". Ukisikia kiongozi ameanza sentensi yenye pesa kwa ku-, weka alama.

Lakini alama si hukumu. "Mvua imechelewa" haina mtenda kwa sababu mvua haina bosi. Na watumishi wa halmashauri tumefundwa kuandika "ilikubalika", "iliazimiwa", mpaka lugha hiyo inatutoka hata tukiwa nyumbani na wake zetu. Kipimo ni hiki: je, tendo hili lilihitaji mtu kuamua, na je, msemaji anamjua? Bei kupanda hakuhitaji uamuzi wa diwani. Utaratibu kukosewa kunahitaji mtu aliyeukosea. Kwa hiyo ndani ya sentensi hiyohiyo ya 3, "bei zikapanda" ni taarifa ya haki, na "changamoto za kiutaratibu" ni pazia.

Nyakati nazo ziangalie. Kiambishi -li- kinavuta tarehe: "tuliagiza bati" mtu atakuuliza lini, na utajisikia vibaya usipojua. Kiambishi -me- hakivuti: "tumeagiza bati" yaweza kuwa jana au mwaka juzi. Na -ta- bila siku ni hewa. "Muda si mrefu" si siku. "Robo ijayo" ni afadhali, maana robo ina mwisho wake kwenye kalenda.

Neno lingine la kuchunguza ni "tumeshalichukua". Hiyo -li- ya katikati ni suala. Limechukuliwa, limepelekwa wapi? Kama hakuna kikao, ofisi wala mtu anayetajwa, suala limechukuliwa kama mwewe anavyochukua kifaranga.

Linganisha sentensi zenyewe kwa zenyewe

Hapa ndipo jibu la zahanati lilipofunguka, na haikuhitaji nyaraka yoyote.

Sentensi ya 3 inasema vifaa vilichelewa na bei zikapanda. Ya 4 inasema fedha zipo salama. Kaa nazo dakika mbili. Vifaa haviwezi kuchelewa kama havijaagizwa. Na kwa manunuzi yetu ya kijijini, muuza duka wa mjini hapakii mzigo kwenye boti bila kuona chochote, kwa hiyo kama vimeagizwa, huenda kuna pesa imeshatoka. Kama imetoka, basi "zipo salama" ina maana gani? Zipo benki, au zimegeuka mbao na saruji, au ziko kwa mwenye duka? Kila moja ni jibu tofauti, na diwani alitumia neno moja linalozibeba zote.

Halafu "hazijaliwa". Mama hakusema zimeliwa. Aliuliza ziko wapi. Kukanusha tuhuma ambayo haijatolewa kuna maelezo mawili: ama msemaji anayasikia maneno ya mtaani na anayajibu hayo, ama anachagua tuhuma nzito zaidi ili kuikana iwe rahisi, na ile nyepesi (kwamba pesa zimetumiwa vibaya bila kuibiwa) ipite pembeni. Kwa maneno peke yake huwezi kujua ni lipi. Usijifanye unajua.

Jua mamlaka ya anayejibu

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayowafanya wamwonee mtu mkweli au wamsamehe mkwepaji. "Hilo si la kwangu" linaweza kuwa jibu la kweli kuliko yote.

Ukimuuliza diwani kwa nini barabara ya kijiji haijachongwa, akakwambia ni ya TARURA, amesema kweli; tangu 2017 wakala huo ndio unaosimamia barabara za vijijini na mijini. Maji ya vijijini tangu 2019 yako chini ya RUWASA. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, viongozi walipigwa maswali kila mwalo, na aliyejibu "uamuzi huu haukutoka kwenye halmashauri, unahusu makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa" hakuwa anakwepa. Angekuwa anakwepa kama angeishia hapo alipoulizwa jambo lililo lake, mathalani doria ya kata inaendeshwaje.

Kwa mbunge mambo ni kinyume kidogo. Akiulizwa juu ya Mfuko wa Jimbo, ule ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, akasema "waulizeni halmashauri", mkumbushe kwa heshima kwamba mwenyekiti wa kamati ya mfuko huo ni mbunge mwenyewe.

Turudi kwenye zahanati. Ujenzi wa aina ile hufanywa kwa utaratibu ambao mafundi huuita "fosi akaunti": kijiji chenyewe kinanunua vifaa na kumlipa fundi, kwa kupitia kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Diwani hasaini hundi. Lakini diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na taarifa za miradi hupita mezani kwake. Shika hayo mawili pamoja, yatakusaidia sasa hivi.

Swali la pili ndilo kipimo chenyewe

Jibu la kwanza ni la hadhara, mtu yeyote anaweza kujikuta amezunguka kwa woga au kwa mazoea. Ukweli wake unaonekana ukimpa nafasi ya pili, kwa swali dogo zaidi, lenye jibu la neno moja. Mama wa mawese hakusomea haya popote, ila anajua kudai pesa. Akanyoosha mkono tena.

"Nashukuru Mheshimiwa. Leo, kwenye akaunti, kuna shilingi ngapi?"

Diwani akacheka kidogo. "Mama yangu, mambo ya akaunti ni ya mtendaji. Mimi si mtia saini."

Ukilisoma peke yake, jibu hilo ni kweli. Hakuwa mtia saini. Lakini dakika mbili nyuma alikuwa amewahakikishia watu 200 kwamba fedha zipo salama. Kama hajui salio, alihakikisha nini? Na kama analijua, kwa nini asiliseme? Jibu la kweli lilikuwepo, tena halikumgharimu kitu: "Salio silijui. Niliposema zipo salama nilikuwa narudia nilichoambiwa na mtendaji. Naye huyu hapa."

Kwa hiyo hukumu yangu, na nimeifikiria kwa miaka, ni kwamba alikwepa, ila hakudanganya. Alivaa uhakika ambao hakuwa nao. Hilo ndilo kosa la kawaida kabisa la viongozi wetu, na ni tofauti sana na wizi. Anayepima majibu asipotofautisha haya mawili, atamwita kila mtu mwizi, na siku mwizi akitokea hatakuwa na neno la kumwitia.

Sasa sehemu yangu. Watu wote walinigeukia. Salio nililijua. Nikasimama nikasema: "Ndugu mwenyekiti, taarifa kamili itasomwa kikao kijacho." Nikakaa. Kwenye daftari nikaandika maneno yale mawili.

Jipime: jibu langu lilikuwa la aina gani? Halina pongezi, halina siasa, halina "kulitokea". Lina hata muda, maana mkutano wa kijiji kwa sheria ni angalau kila miezi mitatu. Linafanana na jibu la mtu makini. Lakini "itasomwa" haimtaji msomaji, na swali lilihitaji namba moja ambayo nilikuwa nayo mfukoni. Mimi nilikwepa kuliko diwani, kwa sababu mimi nilijua. Ndiyo maana nawaambia vijana wasiogope maneno marefu peke yake. Mtu mwenye kitu cha kuficha anaweza kuwa mfupi sana.

Asiyejibu kwa haki anasemaje

Yapo maswali ambayo kiongozi hawezi kuyajibu siku hiyo, na kutojibu si kukwepa kama akisema kwa nini, na mpaka lini. "Sijui, nitaleta Jumatatu, nitabandika ofisi ya kata" ni jibu la heshima. Kipimo chake kinakuja Jumatatu.

Jibu gumu zaidi kupima ni "jambo liko mahakamani" au "TAKUKURU wanalichunguza". Linaweza kuwa kweli na likamfunga mdomo mtu mwema. Muulize mahakama gani na lini kesi ilifunguliwa. Hayo si siri. Kisha muulize kitu kilicho nje ya kesi: kama kesi ni juu ya mzabuni, idadi ya vifaa vilivyopo stoo leo bado inasemeka. Mkweli atakupa kile kinachoweza kutolewa. Mwingine ataifanya kesi kuwa mwavuli wa mradi mzima.

Vitu vinavyodanganya macho

Kushusha macho. Kwetu kijana anayejibu mbele ya wazee hatawakazia macho, na kiongozi kijana hali kadhalika. Usisome hatia hapo.

Kusitasita. Wengi wetu lugha ya kwanza ni Kiha, na Kiswahili cha fedha na miradi ni cha ofisini. Nimemwona mwenyekiti wa kitongoji akikwama kutafuta neno la "salio", watu wakanong'ona kwamba anatunga. Akaruhusiwa aseme kwa Kiha, akamwaga hesabu yote mpaka bei ya misumari.

Kinyume chake ni ufasaha na machozi. Kuomba radhi kwa sauti iliyovunjika, "nisameheni kama kuna mahali nimewakwaza," kunayeyusha mkutano. Angalia neno "kama". Radhi ya kweli inataja kosa: nililipa kabla ya mzigo kufika. Hiyo ya "kama" haijakiri kitu.

Kisha kuna macho yetu wenyewe. Mtu wa chama changu akikwepa naona busara, wa chama kingine akikwepa naona wizi. Dawa niliyoipata ni rahisi: andika swali na jibu kwenye karatasi bila jina wala chama, mpe jirani ambaye mnapingana siasa, aweke alama kwenye sentensi zinazojibu. Ukikuta mmeweka alama palepale, hukumu yenu ina uzito. Mkitofautiana, tatizo mara nyingi liko kwenye swali.

Mwisho, nenda kwenye karatasi

Kupima maneno kunakwambia kama mtu amejibu. Hakukwambii kama alichosema ni kweli. Mtu anaweza kukupa kiasi, tarehe na jina, vyote vya uongo, kwa uso mkavu. Jibu la moja kwa moja lina faida moja: linaweza kukaguliwa. Kwa mradi kama wetu utakagua vitu vitatu tu, taarifa ya benki ya akaunti ya mradi, vocha za malipo, na leja ya stoo yenye saini za kamati ya mapokezi. Vocha inasema pesa ilitoka, leja inasema mzigo uliingia. Ukiona vocha haina mwenzake kwenye leja, umepata shimo. Kijiji kikisita kukuonyesha, andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa aliye na taarifa siku 30 za kukujibu.

Mama wa mawese hakuandika barua. Alikuja ofisini kwangu mara tatu kati ya Desemba na Februari, akakaa kwenye benchi na chupa zake za mafuta, akaondoka bila kugomba. Mara ya tatu sikulala vizuri.

Kikao cha Februari nilisimama kabla sijaulizwa. Nilisema: "Ziliingia milioni 38. Mbao, saruji na misumari tumenunua kwa milioni 19 na laki 6. Fundi amelipwa milioni 2 awamu ya kwanza. Milioni 5 tulimlipa muuza bati kwa bati 125, kabla mzigo haujafika, naye mpaka leo hajaleta. Kwenye akaunti zimebaki milioni 11 na laki 4. Kulipa kabla ya mapokezi ni kosa, na saini ya kwanza kwenye ile vocha ni yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja alinitukana, na alikuwa na haki. Diwani akasimama baada yangu, akasema jambo ambalo Novemba angeweza kulisema: "Mimi niliwaambia zipo salama bila kuziona. Kesho naenda mjini na mwenyekiti kwa huyo mwenye duka." Angalia vitenzi: niliwaambia, naenda. Kuna mtu, kuna siku, kuna mahali.

Bati zilishuka kwenye boti wiki ya pili ya Machi. Kamati ya mapokezi ilikuwa ufukweni na leja yake, na mama wa mawese alikuwa pembeni yao bila kuitwa, akihesabu kwa kidole kila bati iliyopita begani kwa wapagazi. Zilipoisha, mjumbe wa kamati akafungua kalamu aandike 125.

"Subiri kwanza, mwanangu," akasema. "Mimi nimepata 118."